Kosa moja la tahajia kukatwa mara 11! Usahihishaji gani huu wa insha?

Baba Wawili: Wakuu, nina hasira. Binti yangu yuko kidato cha tatu, wamepewa insha ya kujadili kama shule ya bweni ni bora kuliko ya kutwa. Mwongozo wa alama unasema hoja 10, mpangilio 4, lugha 6. Kaleta hoja zenye ushahidi, kajibu hadi za upande wa pili, na mwalimu mwenyewe kampa 9 za hoja na 3 za mpangilio. Jumla? 9 kati ya 20! Mwenzake mwenye hoja 4, mpangilio 3 na lugha 5 kaondoka na 12.

Nikahesabu wino mwekundu: makosa 18, kila moja nusu alama, zimekatwa 9. Lugha nzima ina 6 tu, kwa hiyo 3 zimechotwa kwenye fungu jingine. Na kati ya hayo 18, 11 ni neno lilelile, "azabu" badala ya "adhabu". Adhabu kweli kaipata.

Mpenda Dagaa: Tahajia ipewe alama 2 tu, biashara imeisha.

Baba Wawili: Hata ipewe 1, mkuu. Makato yasiyo na kikomo yatakula hoja vilevile.

Chaki Mfukoni: Nasahihisha insha miaka mingi. Baba, kikomo ni lazima, ila kikiwa peke yake binti anapata 12, anafungana na yule wa hoja 4. Kosa linalojirudia lihesabiwe mara moja. Yanabaki 8, yanakata 4, lugha inabaki 2, jumla 14.

Halafu omba uone alama za darasa zima. Tukichoka, kwenye hoja kila mtu tunampa 6 au 7, huku lugha ikitoka 0 hadi 6. Hapo kwenye karatasi hoja ni nusu ya alama, lakini anayeamua nani wa kwanza ni tahajia. Mimi kabla ya kuanza huandika insha ya alama 9 za hoja iwe na nini na ya 4 ikose nini, kisha nasoma mara ya kwanza bila kushika kalamu nyekundu.

Mama Salha: Wangu yuko la tatu, imla kapata 2 kati ya 5. Na mimi nikadai?

Chaki Mfukoni: Imla hapana dada. Pale tahajia ndiyo inayopimwa.

Mpenda Dagaa: Na akiandika "wanafaulu" wakati alitaka "hawafaulu"? Hoja si imegeuka?

Chaki Mfukoni: Hiyo tunagombania kila mwaka. Mimi nakata kwenye hoja, mwenzangu wa meza ya pili anakata kwenye lugha.

Baba Wawili: Kateni mnapotaka, ila msikate kotekote. Kesho naipeleka karatasi shuleni.