Mrejesho: andalio la somo la kutenganisha chumvi na mchanga

Niliuliza: "Nitajuaje lengo, shughuli na tathmini vinashikana kabla mthibiti ubora hajafika?"

Walimu wenzangu, ameshafika shuleni kwetu hapa Kilwa. Nilianzia kwenye kitenzi cha lengo kama mlivyonishauri. Lengo lilisema mwanafunzi atenganishe chumvi na mchanga, basi kila kundi likayeyusha chumvi kwenye maji, likachuja kwa kitambaa, likachemsha hadi maji yakakauka. Swali la "Taja njia za kutenganisha michanganyiko" nililiondoa, maana aliyekariri angelipata bila kugusa kitambaa. Nikakagua kama mchanga umebaki kwenye kitambaa na chumvi sufuriani.

Mthibiti alisoma lengo, akaruka moja kwa moja hadi tathmini. Aliagiza kiongezwe kigezo cha mwanafunzi mmoja mmoja, kwani kundi humficha asiyejua. Nakubaliana naye kabisa. Sasa kila mtoto anaeleza kwa nini chumvi ilipita na mchanga haukupita.