Kuhusu: Maelezo ya video ya darasa la Nakivale, pesa zimezuiwa

Bahati, Nsambya
Jambo ndugu na dada. Jana ofisi ya uhakiki ya jukwaa tunalochangishia ilimwandikia dada Sifa wa Toronto, aliyefungua ukurasa kwa jina lake. Wanasema maelezo ya video hayaonyeshi yeye ana uhusiano gani nasi, nani anapokea pesa huku Uganda, wala zitanunua nini. Mpaka tuyarekebishe, Sifa hawezi kutoa kwenye ukurasa hata shilingi. Maelezo mnayajua: "Watoto wetu wa Nakivale wanasomea nje. Tusaidie kujenga darasa. Mungu awabariki." Kuta zimekwisha na mvua za Septemba zinakaribia. Mpokeaji tumwandike nani, chama au mweka hazina? Cheti cha CBO tunacho, akaunti ya chama bado.

Papa Mapendo, Katwe
Mwanangu, mambo ya akaunti yana taabu. Mimi benki moja ilinirudisha kwa sababu nilikwenda na atestasheni. Walitaka kadi yenyewe, halafu barua ya LC1, halafu ya RWC. Nenda asubuhi na mapema, ubebe zote.

Eric, Mbarara
Mbona ni rahisi? Wekeni namba ya momo ya mweka hazina kwenye mstari wa kwanza. Na kwa vile watoto wanaonekana, video muichague "Made for kids", YouTube ni wakali.

Mama Riziki, Isingiro
Papa, Bahati hakuuliza habari ya kadi. Eric, "Made for kids" ni ya video zinazotengenezwa ili watoto wazitazame. Hii yetu inatazamwa na watu wazima wenye uwezo wa kuchangia. Ukiiweka huko, sehemu ya maoni inafungwa, na mtu mwenye swali kabla ya kutoa pesa hana pa kuuliza.

Kuhusu mstari wa kwanza uko sahihi: kwenye simu yanaonekana maneno machache tu mpaka mtu abonyeze. Basi yaseme kazi iliyobaki. Namba ya momo ya mtu binafsi itaongeza shaka ileile iliyozuia pesa. Kiungo cha ukurasa kiandikwe kizima, kianze na `https://`. Na majina ya watoto yaondolewe, hata ya kwanza. Kuna familia hapa zilizokimbia watu wanaowatafuta mpaka leo.

Mimi ningeandika hivi:

"Tunaezeka chumba kimoja cha darasa katika shule ya jamii, kambi ya Nakivale, wilaya ya Isingiro, Uganda. Kuta zimekwisha, paa bado. Paa linahitaji mabati 48 ya geji 28, mbao, misumari, kinga ya radi na malipo ya mafundi, jumla shilingi 6,800,000 za Uganda. Ukurasa wa michango umefunguliwa na Sifa, mwanachama wetu anayeishi Toronto. Yeye ndiye anayezitoa pesa kwenye ukurasa na kuzituma kwa ........ Risiti na picha za kazi tutaziweka hapa. Pesa zikizidi, tutanunua madawati."

Eric
Geji 32 ni nene zaidi na bei yake ni nafuu, badilisheni hapo.

Mama Riziki
Eric, namba ikipanda bati linakuwa jembamba. Ndiyo maana ni rahisi. Upepo wa hapa utaling'oa.

Papa Mapendo
Kinga ya radi mngeiondoa, inaongeza gharama na mfadhili atashangaa.

Mama Riziki
Haiondoki. Juni 2011 radi iliua wanafunzi 18 wa shule ya msingi Runyanya kule Kiryandongo, wakiwa shuleni. Atakayeshangaa tutamwambia hilo. Wala waya peke yake hautoshi, lazima ushuke mpaka ardhini na kuzikwa vizuri. Fundi asipoonyesha mahali ulipozikwa, msimlipe.

Papa Mapendo
Sawa, mama, nimeelewa. Mimi najiuliza tu tutajenga madarasa ya ugenini mpaka lini. Tangu Goma na Bukavu zichukuliwe mwanzoni mwa 2025, watoto wanazidi kuja. Kwetu Uvira shule ilikuwa karibu na ziwa, tukitoka tunawakuta mama zetu wanaanika ndagala. Wakubwa wanatia saini mikataba, na bunduki zinaendelea.

Bahati
Papa, hilo linaniuma kila siku. Lakini tumalize mahali penye nukta.

Sifa, Toronto
Nimewasoma wote. Maelezo ya Mama Riziki nayaweka leo, jina langu libaki. Tatizo ni hizo nukta. Nikiandika chama, wataomba akaunti ya chama. Nikiandika mweka hazina, wataniuliza kwa nini video inasema ni kazi ya chama. Kuna mtu aliyewahi kupokea kwa akaunti ya mtu binafsi, yenye muhtasari wa mkutano uliotiwa saini na kamati? Walikubali?

Eric
Jaribu tu.

Papa Mapendo
Sifa mwanangu, ndagala zinapatikana huko?