Viatu vya kuendeshea Dar–Mbeya: raba, moka au buti?

Dereva Mchanga
Wadau, habari za jioni. Jumatatu naanza kazi ya udereva, Dar–Mbeya na kurudi. Nina elfu 60 ya viatu. Karume nimeona raba za mtumba elfu 25, kuna moka laini ya ngozi elfu 55, na nyumbani ninalo buti la kazi ya zamani, bado zima. Jamaa mmoja anasema sendozi zinatosha, eti joto la Morogoro litaniozesha miguu. Nichukue kipi?

Kichuguu
Umetuacha gizani, mkuu. Gari gani? Ya giya au otomatiki? Mzigo unapakia mwenyewe au una utingo? Bila hayo tutakushauri hewa.

Pweza wa Feri
Kwa barabara ile usithubutu mtumba. Nunua vipya hata kama ni vya Kichina, na uangalie tarehe ya kutengenezwa ubavuni. Ukikutana na mvua pale Mikumi utanikumbuka.

Kichuguu
Pweza, anaulizia viatu vya miguuni. Si matairi.

Pweza wa Feri
Ahaa! Nimeona "viatu" na "Mbeya" nikamaliza. Ushauri wangu wa mtumba naomba ubaki hivyohivyo.

Mama Noah
Mimi Dar–Tanga naendesha peku miaka yote. Viatu naweka siti ya pembeni. Mguu mtupu unaisikia pedali vizuri kuliko kiatu chochote, wala hulipi senti.

Fundi wa Tabata
Dada, kuisikia pedali ni kweli, hapo sikupingi. Lakini siku ukikanyaga breki kwa nguvu zote, ule unyayo wenye jasho juu ya mpira uliolika unateleza, na mfupa ukiuma mguu unalegea wenyewe kabla hujaamua. Otomatiki inakusamehe kwa sababu haina klachi. Kijana mwenye klachi akikaa foleni ya Kibaha peku, mguu wa kushoto utamsimulia.

Mama Noah
Sijawahi kuteleza.

Dereva Mchanga
Samahani wakuu, nilisahau. Ni Canter, ya giya. Utingo yupo. Ila ghalani tunakopakia huingii bila buti lenye chuma kidoleni, ndiyo maana nikawaza nibaki nalo hadi Mbeya. Navaa namba 44.

Mzee wa Kitonga
Sasa umesema. Kwanza sendozi sahau, na nitakueleza kwa nini, maana yalinikuta mwenyewe.

Nilikuwa na Hiace, nimetoka Chalinze asubuhi, nimevaa ndala. Mbele yangu lori la magodoro likapunguza mwendo. Nikatoa mguu kwenye mafuta kuupeleka kwenye breki, kama siku zote. Sasa ndala imeshikwa kidoleni tu, nyuma inaning'inia. Mguu ulifika, ncha ya ndala haikufika. Ikajikunja ikaingia chini ya pedali. Nakanyaga, pedali inashuka kidogo inagoma, kama nimeweka tofali. Nikadhani breki zimekufa. Nikavuta mguu ili nipampu, kile kitufe cha chini kikachomoka, mkanda ukabaki kidoleni na soli ikabaki kulekule chini. Nilivuta hendibreki, nikashuka giya, na bado nikaligonga lori kwa nyuma. Nashukuru lilikuwa la magodoro.

Fundi alipokuja akapima breki, zikashika vizuri. Akainama, akatoa ndala akanikabidhi mbele ya abiria. Aibu ile mpaka leo.

Kichuguu
Pole mzee. Na ndiyo maana kuendesha na ndala ni kosa kisheria.

Bwana Kifungu
Kifungu gani?

Kichuguu
Trafiki alinisimamisha Kibamba akaniambia.

Bwana Kifungu
Trafiki kusema si kifungu. Lete namba ya kifungu hapa tuisome.

Fundi wa Tabata
Mtagombana hadi kesho. Mchanga, ngoja nikwambie la buti, maana ndala kila mtu anaijua, buti ndilo linalodanganya. Lina soli ngumu, linakaa imara, unajiona uko salama.

Mwezi uliopita niliteremsha giyaboksi ya Canter iliyobadilishwa pleti ya klachi miezi mitano tu nyuma. Imeungua, beringi yake inalia. Dereva anaapa hakai na klachi. Nikamwambia washa gari, kaa unavyokaa siku zote. Buti lake la kushoto lilikuwa limelala juu ya pedali, yeye hana habari. Soli ile ni nene, haikuletei taarifa, na uzito wa buti peke yake unakula ule mchezo mdogo wa pedali. Pleti inasuguliwa kidogo kidogo njia nzima.

Mguu wa kulia nao una yake. Ukingo wa soli ya buti umetokeza nje kuliko mguu wako. Unakanyaga breki, ukingo unagusa na mafuta, injini inanguruma wakati unataka kusimama. Au unatoa mguu kwenye mafuta, ncha inakwama chini ya breki. Kwenye Canter breki imesimama juu kuliko mafuta, kwa hiyo huzungushi kisigino tu, unanyanyua mguu mzima. Fanya hivyo na buti kutwa nzima uone. Na shingo ya buti imebana kifundo, mafuta unayakanyaga kwa paja. Abiria wako atakuwa anaitikia kwa kichwa, ndiyo, ndiyo, njia nzima.

Mzee wa Kitonga
Kushuka Kitonga na buti hujui hata breki umeigusa au bado.

Dada Moka
Basi moka. Nyembamba, haina kamba ya kunasa, ngozi inapumua. Mume wangu ana moja mwaka wa tatu.

Fundi wa Tabata
Moka sawa kama soli ni ya mpira. Ile ya soli ya ngozi ukishuka kujaza mafuta ukakanyaga maji, ukirudi pedali ni sabuni. Na isilegee kisigino, moka ikipwaya ni ndala iliyovaa suti.

Dereva Mchanga
Kwa hiyo raba?

Fundi wa Tabata
Raba ipi? Zile za kukimbilia zenye sponji nene iliyotanuka pembeni ni buti jingine, jepesi tu. Unakandamiza sponji kwanza, pedali baadaye. Tafuta ya soli bapa. Ukiwa pale Karume weka kalamu chini, ikanyage kwa mahali pa kukanyagia breki. Ukiisikia kalamu bila kuumia, hiyo ndiyo. Usipoisikia, rudisha. Ikikuchoma, nayo rudisha, klachi ya Canter itakuua. Nenda jioni, mguu umeshavimba kama utakavyovimba ukifika Iringa.

Mzee wa Kitonga
Na buti lake la ghalani? Mlimpa jibu?

Kichuguu
Abadilishe getini. Buti liende chini ya siti.

Mzee wa Kitonga
Chini ya siti! Likiteleza kwenye mteremko likaja miguuni? Mpe utingo alishike, au lifungwe nyuma ya siti.

Mama Noah
Utingo gani atapakata buti la mtu mwingine Dar mpaka Mbeya na harufu ile?

Dada Moka
Soda ya kuokea, kijiko kimoja kila buti, usiku kucha.

Dereva Mchanga
Hahaa. Jumamosi jioni napita Karume na kalamu. Ila moka ya elfu 55 bado inaniita, na sikuitazama soli.

Bwana Kifungu
Kichuguu, bado nasubiri kifungu.