600k: ploti Malaa, hisa, mani maketi, ama nigawe kila mahali kidogo?

kijana_wa_donholm
Wadau habari za jioni. Niko na 600k imekaa kwa akaunti tangu mwezi wa nane inanitazama tu. Binamu yangu anasema ninunue ploti Malaa nimalizane na hiyo stori, jamaa wa kazini wanasema hisa, bibi anasema mani maketi ju anaweza kuitoa kwa simu. Mimi kusema ukweli ni mwoga, nikipoteza pesa silali, so nafikiria kugawa 200k mara tatu. Swali langu ni hii kugawa inasaidia kweli ama ni maneno tu ya watu wa tiktok? Nataka niamue wiki hii ju bei ya ploti inapanda tarehe moja.

mshika_jembe
Mshika mbili moja humponyoka. Nunua ploti. Mimi nilinunua Juja 2012 watu wakanicheka ati ni msitu, saa hii lami imepita hapo mlangoni. Ardhi haiendi mahali.

wakili_wa_mtaa
Pole sana ndugu. Kabla ya kugawana chochote na bibi hakikisheni mmeandikishana, na kama ndoa ni ya kimila bado ana haki yake. Usikimbilie kuuza kitu.

kijana_wa_donholm
@wakili_wa_mtaa hapana bana hatuachani 😂 nagawa pesa zangu kwa uwekezaji.

zamani_soko
Hujasema chochote cha maana bado. Uko na miaka mingapi, watoto, madeni, hii pesa utaihitaji lini, na mbali na hiyo 600k uko na nini kingine? Mtu hawezi kukwambia ugawe bila kujua kile tayari umeshika.

Mama_Riziki
Kweli kabisa. Na hiyo ploti nani anauza?

kijana_wa_donholm
Sawa. Niko 34, watoto wawili, karo ya Januari ni kama 90k. Nafanya kazi kampuni ya kusafirisha maua hapa karibu na JKIA. Kwa sako ya kazini niko na 380k. Nimewekea wenzangu wawili udhamini wa loni. Bibi ako na hoteli ndogo nje ya geti letu, anauzia wafanyakazi chai na chapati. Ploti tunanunua kama kikundi cha kazini, kila mtu analipa kidogo kidogo mwisho wa mwezi hadi tumalize.

zamani_soko
Wueh. Soma tena venye umeandika. Maua yakikosa soko mwaka mmoja, mshahara wako umeenda, wateja wa bibi wameenda, wale wawili uliowadhamini hawana kazi so sako inakuja kwa ile 380k yako, na kikundi cha ploti kinashindwa kumaliza kulipa. Unadhani uko na vitu tano. Uko na kitu kimoja na kinaitwa maua.

kijana_wa_donholm
Eish. Sikuwa nimeangalia hivo.

Mama_Riziki
Hiyo imenikumbusha yangu na bado inaniuma kwa hivyo mnivumilie. Mimi nilijiona mjanja sana, nikasema siweki pesa zote mahali moja. Nikanunua ploti moja kwa kampuni fulani ya kuuza mashamba, sitaitaja. Baada ya miezi sita hao hao wakatuletea kitu ingine, ati unawapea laki mbili wanakulipa kila mwezi, nikaweka. Halafu chama chetu, mimi nikiwa mweka hazina, tukakopesha mkurugenzi wao kwa riba tamu sana. Kwa daftari yangu nilikuwa nimeandika mistari mitatu na rangi tatu tofauti, ploti kijani, malipo ya mwezi bluu, chama nyekundu, naangalia nafurahi. Siku malipo ya mwezi yalichelewa nikapiga simu, wakasema ni sistimu. Mwezi wa pili sistimu. Wa tatu ofisi imefungwa, tukapata mlinzi tu anakula mahindi hapo nje. Kuenda kutafuta ardhini, ile ploti bado iko kwa jina la mtu mwingine kabisa na benki imeishikilia. Chama nacho kikavunjika, wamama bado hawanisalimii kanisani. Rangi tatu zote zikaisha wiki moja. So mtu akiniambia amegawa pesa mimi namuuliza tu, huyu mmoja akianguka nani mwingine anaanguka na yeye?

mshika_jembe
Pole mama lakini hiyo ni makosa ya kutofanya sachi, si makosa ya ploti.

Mama_Riziki
@mshika_jembe sachi nilifanya, ya mama taito. Ile ya kugawanywa haikuwa imetoka. Wacha tu.

zamani_soko
Sasa nijibu swali la kwanza ju ni swali zuri. Chukua mfano wa kubuni. Vitu vitatu, kila kimoja kina nafasi moja kwa kumi ya kukuangusha mwaka huu, na kikianguka unapoteza nusu ya ulichoweka hapo. Tafuta watu 1,000 kama wewe, kila mtu na 600k.

Wakiweka zote kitu kimoja, 900 hawapotezi kitu na 100 wanapoteza 300k kila mmoja. Jumla imeenda milioni 30.

Wakigawa 200k mara tatu, na hivyo vitu haviangukii pamoja, 729 hawapotezi kitu, 243 wanapoteza 100k, 27 wanapoteza 200k, na mtu mmoja tu ndiye anapoteza 300k. Piga hesabu, jumla bado ni milioni 30.

Kwa hivyo kugawa hakujapunguza hasara ya umati hata shilingi. Imebadilisha nani anaumia na anaumia kiasi gani. Wale mia wa kulia sana wamekuwa mmoja.

mshika_jembe
Ngoja hapo hapo. Kwanza walioumia walikuwa 100, sasa ni 271. Umeongeza watu wa kulia! Halafu unasema inapunguza hatari? Hii ndio maana nasema ploti.

zamani_soko
Uko sawa kwa hesabu, na watu wengi hawaoni hiyo. Ukigawa, uwezekano wa kupoteza kitu fulani unaongezeka. Kila mwaka kutakuwa na kitu kimoja kwa daftari kinakuudhi. Kile kinachopungua ni ile hasara ya kukuangusha chini.

Na hapo ndio uoga wa huyu kijana unaingia, na si ujinga. Kwake laki ya kwanza ikipotea atakosa kubadilisha sofa. Ya pili, anakopa kwa simu. Ya tatu, Januari mtoto anarudishwa nyumbani. Laki ni zile zile lakini hazina uchungu sawa. Mtu aliye na milioni 50 anaweza kuchukua njia ya mshika_jembe bila jasho ju 300k kwake ni mafuta ya gari.

mshika_jembe
Lakini tajiri gani unajua alitajirika kwa kugawa gawa?

zamani_soko
Wachache. Lakini wale walioweka zote mahali moja zikaisha hawaandiki hapa, wewe wa Juja ndio unaandika.

shosho_wa_kangundo
Watoto, sisi tulikuwa tunapanda mahindi na maharagwe shamba moja. Mvua ikikosa zote zinakauka pamoja. Kilichotuokoa ni mihogo kule chini, hiyo haijali. Si wingi wa mbegu.

zamani_soko
Shosho amemaliza. Na ule mfano wangu una uongo mmoja, nilisema haviangukii pamoja. Vikianguka pamoja kila mara tunarudi kwa wale 100 na hujapata chochote kwa kugawa. Kwa maisha ya kweli ni katikati, na siku mbaya vinakaribiana zaidi. Tarehe 13 Machi 2020 kesi ya kwanza ya korona ilipotangazwa hapa, hisa zilianguka hadi NSE ikasimamisha biashara siku hiyo. Mtu alikuwa na benki tano tofauti na kampuni ya simento akidhani amejipanga, zote nyekundu. Na mwenye nyumba za kukodisha pia, ju wapangaji walirudi ushago. Waliokuwa wamekopesha serikali kwa bili zake walilipwa kama kawaida.

kibanda_cha_dola
Na hata ukigawa vizuri bado utachapwa. Mimi Januari 2024 dola ikiwa karibu 160 nilisema shilingi imekufa, nikatoa 80k nikanunua kama dola 500. Miezi miwili mitatu iko 130. 15k imeenda nikiangalia. Lakini kwa vile ilikuwa kipande kidogo tu, bibi hata hajui mpaka leo. Rafiki yangu aliweka yote, hiyo ni stori ya siku ingine.

bibi_ya_mtu
Mimi nimesolve hii, niko na mani maketi nne tofauti. Na kuna bima ya serikali hadi laki tano kwa kila moja.

zamani_soko
Hapana, hiyo bima ya KDIC ni ya pesa iliyo benki, hadi 500,000 kwa mtu kwa benki moja. Mani maketi haiko hapo. Iko chini ya CMA, na hiyo ni leseni si bima.

Na nne zinakusaidia kama meneja mmoja ni mwizi, basi. Ndani zote wamenunua vitu karibu sawa, bili na bondi za serikali na pesa za kuweka benki. 2024 bili za siku 91 zilikuwa zinapita asilimia 15, 2025 zikashuka chini ya 10. Angalia kama kuna moja kati ya nne zako haikushuka.

bibi_ya_mtu
Zote zilishuka kumbe 😩 nilidhani ni mimi nimechagua vibaya.

wakili_wa_mtaa
Kwani hizo riba hukatwa kodi?

kibanda_cha_dola
Asilimia 15 bosi, inakatwa kabla hujaiona. Bondi za miundombinu ndio hazikatwi.

kijana_wa_donholm
So nifanye nini sasa? Mani maketi pia si ya maua, nikiweka yote hapo?

zamani_soko
Karo na miezi kadhaa ya matumizi, ndio, weka hapo, ju hiyo hutaki ichezewe. Inayobaki tafuta kitu ambacho mzungu wa Uholanzi akiacha kununua waridi hakitajua. Udhamini ukiisha usiweke mwingine. Mimi ningeacha ploti ya kikundi kabisa lakini Mama_Riziki anajua zaidi.

Mama_Riziki
Ningeacha. Lakini ukilazimika basi usilipe kabla taito haijagawanywa kwa majina.

mshika_jembe
Malaa iko sawa, shida ni maji tu. Nani ako na namba ya mtu wa kuchimba borehol bei poa?

kibanda_cha_dola
Huko maji ni ya chumvi na floridi nyingi boss, meno ya watoto itakuwa ya kahawia.

mshika_jembe
Chumvi ni upande ule mwingine wa barabara.

kijana_wa_donholm
Nimeongea na bibi. Anasema ako tayari kuhamisha hoteli hadi stejini Pipeline lakini anataka 150k ya kuanza, na hiyo hakuna mtu ameihesabu hapa. Kikundi nimewaambia wanipe hadi Ijumaa. Kuna mtu anajua kodi ya kibanda hapo steji ni ngapi saa hii?