Kila kiungo cha klipu sauti inapiga "tak", nikirekebisha midomo inaachana na sauti

Mhariri_Chipukizi
Wakuu, habari za jioni. Nahariri mahojiano ya video ya nahodha mstaafu wa jahazi. Nimetoa vikohozi na zile "eee", vimebaki vipande 47, fremu 25 kwa sekunde, sauti 48 kHz. Tatizo ni kwamba kila kipande kinapokutana na kingine kuna "tak" ndogo, ukivaa hedifoni inakera kweli. Nikaunganisha sauti kwa `acrossfade` ya ffmpeg, `d=0.02`. "Tak" zimeisha zote, ila sasa kadiri video inavyoendelea sauti inatangulia midomo, mpaka mwishoni ni karibu sekunde nzima. Nifanyeje?

Baba_Junia
Achana na fedi, mkuu. Kata pale wimbi linapokatiza mstari wa sifuri. Kwenye Audacity unachagua sehemu halafu unabonyeza Z, inajisogeza yenyewe. Mimi podikasti zangu zote nafanya hivyo.

dada_mitambo
Hata mimi nateseka na hiyo kitu! Yangu inakwaruza muda wote, hasa mgeni akigeuza shingo. Nimeshabadilisha hadi kompyuta.

Fundi_Sauti_Tanga
Dada, yako ni nyingine. Ikiwa inakwaruza akigeuza shingo, angalia waya wa maiki ya kwenye kola, au maiki yenyewe inasugua nguo. Hapo hakuna fedi ya kukusaidia.

Mleta uzi, fanya hesabu ya viungo. `acrossfade` inalaza mwisho wa kipande kimoja juu ya mwanzo wa kinachofuata, kwa hiyo kila kiungo kinakula sekunde 0.02. Vipande 47 vina viungo 46, na 46 × 0.02 ni sekunde 0.92. Picha haikupunguzwa, sauti imepunguzwa.

Baba Junia yuko sawa nusu. "Tak" inatokea kwa sababu wimbi linaruka ghafla: kipande kinaishia juu, kinachofuata kinaanzia chini. Kuza mchoro mpaka uone nukta moja moja, utaona ngazi imesimama wima. Ukikata kwenye sifuri ngazi inapungua, lakini wimbi la kwanza likifika sifuri linapanda na la pili linaanza likishuka, kona inabaki, na kwa sauti nzito kama ya mzee huyo inasikika. Kwenye stereo ndiyo kabisa, kwa sababu kushoto kukiwa sifuri, kulia huenda hakupo.

Kwa mazungumzo, usilaze kitu juu ya kingine. Fifisha kingo za kila kipande kwa milisekunde 8, urefu unabaki uleule:

```
ffmpeg -i k12.mov -c:v copy -af "afade=t=in:d=0.008,areverse,afade=t=in:d=0.008,areverse" -c:a pcm_s16le t12.mov
```

Hapo inafifisha mwanzo, inageuza sauti kinyumenyume, inafifisha tena, kisha inairudisha. Huhitaji kujua kipande kina sekunde ngapi. `areverse` inabeba sauti yote kwenye RAM, kwa hiyo usiipe faili la saa tatu. Halafu orodhesha vipande kwa mpangilio ndani ya `orodha.txt`, kila kimoja mstari wake kama `file 't12.mov'`, kisha unganisha, AAC iingie mara moja tu, mwishoni:

```
ffmpeg -f concat -safe 0 -i orodha.txt -c:v copy -c:a aac -b:a 192k mwisho.mp4
```

Ukiunganisha vipande ambavyo tayari ni AAC kwa `-c copy`, utaletewa "tak" nyingine. AAC inafungasha sampuli 1024 kwa pamoja na inaongeza ukimya kidogo mwanzoni mwa faili.

Mhariri_Chipukizi
Nimeendesha kwa vyote 47, midomo na sauti vimekaa sawa mpaka mwisho. Shukrani sana mkuu. Ila kuna sehemu feni ilikuwa inavuma, pale kwenye viungo nasikia kama mvumo unakonyeza. Halafu t31 bado ina "tak".

Fundi_Sauti_Tanga
Feni ndiyo udhaifu wa njia hii. Sauti inashuka hadi sifuri na kupanda tena, mvumo unatobolewa kitundu. Kwa viungo hivyo tu rudi kwenye `acrossfade`, lakini sauti ya kipande kinachotangulia ikate ikiwa na mkia wa milisekunde 20 zaidi ya picha yake. Kinacholiwa kitakuwa ule mkia. Utabeba mwanzo wa ile "eee" uliyoitoa, ila unafifia kabla haijasikika.

t31 isikilize peke yake. Ikipiga katikati ya kipande, ni mate ya mdomoni, si kiungo.

Baba_Junia
Milisekunde 8 si nyingi? Neno likianza na "p" au "t" nahisi linapoteza makali. Mimi siwezi kupita 3.

Fundi_Sauti_Tanga
Kama umekata ukiwa umebana kabisa kwenye herufi, ndiyo, inapoteza. Mimi huacha upenyo kidogo kabla ya neno. Ila 3 kwenye besi ya mzee huyu, sina hakika itatosha. Mleta uzi ajaribu zote mbili, atuambie.

Mhariri_Chipukizi
t31 ni mate kweli. Hiyo ya 3 naijaribu kesho, umeme umekatika.