"If you would have called us": kwa nini wamekata would moja wakaacha nyingine?

Kibo77: Wakuu, habari za jioni. Nimefanya usaili wa kazi ya mapokezi kwenye hoteli moja Arusha. Swali la kuandika lilikuwa umjibu mgeni anayelalamika kwamba jana hakupokelewa uwanja wa ndege. Nikaandika "If you would have called us, we would have sent a driver." Msahihishaji kakata would ya kwanza, ya pili kaiacha. Kichwani nilikuwa na "ungalitupigia, tungalimtuma dereva", na hapo -ngali- iko pande zote mbili. Nina usaili mwingine wiki ijayo, naombeni ufafanuzi.

Makombeni: Rahisi hiyo. Would haikai na if hata siku moja. Ukiiona, kata.

Bi_Ngamiani: Kibo, umelitaja tatizo mwenyewe. Kiswahili huweka alama ileile pande zote mbili, Kiingereza hugawa kazi. Would hukaa kwenye matokeo, na upande wa if kitenzi chenyewe ndicho kinachorudi nyuma hatua moja. Chukua dereva wako huyohuyo.

"If you call us, we will send a driver." Mgeni bado yuko kwao, anaweza kupiga au asipige. Ndiyo "ukitupigia, tutamtuma".

"If you called us, we would send a driver." Hapa wengi hudhani called ni jana. Siyo. Bado tunazungumzia leo au kesho, ila msemaji haoni dalili kwamba mgeni atapiga. Kitenzi kimerudi nyuma kuonyesha kwamba jambo liko mbali na uhalisi, si kwamba limepita.

"If you had called us, we would have sent a driver." Jana imepita, simu haikupigwa. Kwa kuwa called ilishatumika kwa jambo la kufikirika la leo, la jana linarudi hatua moja zaidi: had called. Hiyo ndiyo uliyotakiwa kuandika.

Chuma_cha_Reli: Mbona dada yangu yuko Texas miaka mingi na huko anawasikia wenyeji wakisema "If I would have known"? Nao hawajui Kiingereza?

Bi_Ngamiani: Wapo Wamarekani wengi wanaosema hivyo wakiongea. Kwenye mtihani au barua ya kazi bado inahesabiwa kosa. Ila mara nyingine dada anasikia "If I'd known, I'd have come", na hizo 'd mbili si kitu kimoja. Tazama kinachofuata. Ikifuatwa na known, hiyo ni had. Ikifuatwa na have, ni would.

Na Makombeni, "hata siku moja" umezidisha. "If you would wait here, I will call the manager" ni sahihi kabisa, na mtu wa mapokezi ataihitaji kila siku. Hapo would ni ombi la adabu: kama utakuwa radhi kusubiri. Basi jaribu kuingiza "kuwa radhi" kwenye sentensi yako. Ikileta maana, would inaweza kubaki. "Ungekuwa radhi kutupigia jana" haikuwa hoja yako kwa yule mgeni, ndiyo maana ikakatwa.

Makombeni: Sawa, hilo la ombi nimelikubali. Lakini mtu ana usaili wiki ijayo, kanuni yangu itamvusha.

Mpemba_Halisi: Jibu ni were. "If I were you", si was. Watu wanakosea sana hapo.

Kibo77: Asante mkuu, ila hilo sikuuliza. Bi Ngamiani, nimejaribu yangu: "If I had learnt Italian, I would have been working in Zanzibar now." Iko sawa?

Bi_Ngamiani: Nusu ya kwanza safi. Ya pili ina now, na kazi unayoisema ni ya leo, kwa hiyo "I would be working in Zanzibar now." Sharti ni la zamani, matokeo ni ya sasa, na si lazima nusu zote mbili ziwe za wakati mmoja. Tunateleza hapa kwa sababu mitaani -nge- inabeba ya leo na ya jana pamoja, mtu anasema "ningejua jana ningekuja" na anaeleweka. Kwa Kiingereza, kila nusu iulize peke yake: wewe ni ya lini?

Mpemba_Halisi: Huko mitaani kwenu labda. -Ngali- ipo na inatumika.

Bi_Ngamiani: Ipo, sijakataa. Na kwenye "If I was" ninatofautiana nawe kidogo: kwenye mazungumzo ya kawaida wenyewe wanaitumia bila kushtuka. Katika maandishi rasmi ningeshauri were.

Chuma_cha_Reli: Nimemtumia dada ile ya 'd. Anasema ataanza kuwasikiliza wafanyakazi wenzake kwa makini.

Kibo77: Kwa hiyo nikimwandikia mgeni ambaye bado hajafika, ni "If your flight is late" au "If your flight was late"?

Bi_Ngamiani: Is. Ndege kuchelewa ni jambo la kawaida, usilisogeze mbali. "If your flight is late, our driver will wait." Ukiandika was, ataona kama unamuuliza habari za ndege iliyokwisha kutua.