Hii kwenye picha ni spliti, ya dirishani au kaseti?

Mdadisi77: Wakuu, nataka kuita fundi asafishe kiyoyozi cha ofisi, kaniuliza ni aina gani nikabaki kimya. Picha ya kwanza ni ya ndani, mraba mweupe kwenye dari. Ya pili ni boksi la nje, lina feni mbili, moja juu ya nyingine.

Kopo: Spliti hiyo, boksi nje, kifaa ndani, paipu katikati, kwisha habari. Ingekuwa ya dirishani usingeona boksi la nje kabisa, yote inakuwa sanduku moja limepita ukutani na mgongo wake umetokeza nje.

FundiBaridi: Hiyo ya dirishani umesema kweli. Ila boksi la nje haliwezi kukutofautishia spliti ya ukutani na kaseti, yanafanana, na feni mbili maana yake mashine ni kubwa tu. Aina unaisoma ndani. Ikiwa ndefu na imebanwa juu ukutani, spliti ya kawaida. Ikiwa mraba darini, katikati wavu wa kuvuta hewa na kila upande mdomo wa kutolea hewa wenye kibao kinachocheza, kaseti. Tatizo mifereji ya dakti nayo huishia kwenye miraba ya darini, na kwenye picha ya mbali hivi inadanganya sana. Ule wa dakti ni bati tupu, mraba ndani ya mraba, hauna kitaa wala kijicho cha remoti pembeni. Piga tena kwa karibu.

MamaPili: Yangu ya darini inadondosha maji mezani jamani, hii nayo ni kaseti au imekufa?

FundiBaridi: Dada, kaseti ina pampu ndogo ya kupandisha maji yatoke, ikifa au mpira ukiziba yanarudi kwako. Zima kwanza, umwite fundi.

Mdadisi77: Nimerudi kuangalia, kumbe miraba iko mitatu chumba kimoja, na boksi nje ni moja tu. Vibao sijaviona vikicheza ila remoti nayo haina betri. Kwenye kona naona kama kitaa, au ni uchafu sijui.

Kopo: Mitatu kwa boksi moja? Basi dakti hiyo, nafuta kauli.

FundiBaridi: Usikimbilie. Nenda ubavuni mwa boksi uhesabu paipu zilizovishwa sponji, huwa zinakwenda jozi, nyembamba na nene. Ukikuta jozi tatu, kila mraba una yake, kaseti tatu hizo. Jozi moja inaweza kuwa dakti, lakini kuna mitambo jozi moja inagawanywa juu ya dari, kwa hiyo peke yake haitoshi. Panda ngazi uangalie ule wavu wa katikati, wa kaseti unafunguka na nyuma yake kuna filta.

Mdadisi77: Jozi ni moja. Ngazi naazima kesho.